Nilimwambia achague sehemu, akachagua ya ghali. Bili ya siku ya kwanza inakuwaje?

Shikamoo anti. Mi ni kijana wa miaka 27, nimekutana na dada mmoja kwenye apu ya kutafuta wachumba, tunachati kama wiki tatu sasa na simu tunapigiana ila video koli bado. Juzi nikamwambia tuonane, akakubali, nikamwambia we chagua tu sehemu unayoipenda. Akachagua mgahawa mmoja wa kishua, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa mbili usiku. Nimeingia mtandaoni kucheki menyu, anti, chakula cha watu wawili pale ni hela yangu ya kula wiki nzima na bado haitoshi. Washkaji wamegawanyika, mmoja anasema mwanaume ni kulipa, kama huna usitoke, mwingine anasema bili ikija we sema tugawane nusu kwa nusu ndo utamjua kama kakufuata wewe au kafuata tumbo lake. Mi sitaki kumpima mtu, huyu dada nampenda, ila sitaki pia nianze kwa kujifanya nina hela ambazo sina. Nikibadilisha sehemu sa hivi si ataniona bahili? Na siku yenyewe bili ikija nifanyeje?
Msubiri Jumamosi

Marahaba mdogo wangu. Badilisha. Na ukibadilisha, badilisha na saa, maana nikikusoma naona saa ndo inayokuumiza kuliko hata ule mgahawa, nitakueleza kwa nini. Ila ufanye wiki hii, usingoje ibaki siku moja, kwa sababu mtu akishatangaza kwa marafiki zake anaenda wapi, akishapanga na nguo ya kuvaa kule, ukija kumbadilishia Ijumaa usiku hapo ataumia kweli na atakuwa na haki.

Kwanza huyo dada msimhukumu, wewe na washkaji zako. Ulimwambia achague anayoipenda, akachagua anayoipenda. Bajeti yako hukumpa, mpaka hukumwekea, angeijuaje? Mtu anayealikwa akiambiwa hivo anasikia kwamba mwalikaji kajipanga, popote twende. Mwaliko unaoeleweka unabeba vitu vitatu ndani ya meseji moja: sehemu mbili za kuchagua ambazo zote unaziweza, saa ya kuanza na kumaliza, na neno moja tu la kuonyesha nani analipa. Ukimpa sehemu mbili bado anachagua, bado anajisikia kasikilizwa, ila zote mbili umeshazipigia hesabu.

Sasa kabla hujabadilisha chochote muulize swali moja, tena kwa upole, "pale unapapendea nini?" Usilirukie hili. Wengi tunaona sehemu ya ghali tunafikiri mtu kafuata ghali, kumbe mwanamke anayekwenda kuonana na mtu wa mtandaoni kwa mara ya kwanza ana hesabu zake nyingine kabisa. Pale pana walinzi mlangoni, pana taa, pana watu wengi, wahudumu wanamjua, choo ni kisafi, akitaka kuondoka usafiri anaupata hapohapo nje. Akikujibu kitu cha namna hiyo basi umepata habari ya maana sana, kwamba anachokitaka ni usalama na utulivu, na usalama unaupata sehemu nyingi tu za bei ya kawaida. Akikujibu kwamba alipaona mtandaoni na siku zote anatamani kwenda, hapo ujue pale ni pa kwenda siku nyingine, siku ambayo mmeshajuana na umejichanga. Na akikujibu kwamba yeye sehemu za chini ya pale haendi, vizuri, umejua mapema bila kutoa hata senti, utaamua mwenyewe kama mnaendana.

Ukishapata jibu, ndo unatuma meseji. Mimi ningeandika hivi, we ibadilishe iwe na sauti yako:

"Nimefikiria ile Jumamosi yetu. Pale ulipochagua ni pazuri ila kwa sasa pako juu ya bajeti yangu, na kwa siku ya kwanza ningependa tukae tupige stori kuliko kukaa kwenye chakula kirefu. Vipi tuonane saa kumi jioni kwenye ule mgahawa wa vinywaji ulio ndani ya jengo la maduka, au ule wa pembeni ya bustani? Vinywaji vyangu. Tukae kama dakika tisini hivi, af kila mtu anaendelea na jioni yake. Upi unakufaa?"

Ona umesema "pako juu ya bajeti yangu" basi, umemaliza. Hujaomba msamaha mara nne, hujaelezea kodi ya nyumba na ada ya mdogo wako. Bahili ni mtu ambaye anacho na anakubania, wewe unamwambia ukweli na hapohapo unamwalika sehemu nyingine na unalipa, hayo mambo mawili mtu mzima anayatofautisha. Na usije ukatunga uongo kwamba umepiga simu pale wakasema pamejaa, maana atakwambia basi twende Jumapili, utatunga mwingine, na uongo wa pili siku zote ni mgumu kuliko wa kwanza.

Atajibu nini? Wengi watakujibu "sawa, wa bustani" na habari imeisha, tena wengine wanashusha pumzi kwa sababu na wao walikuwa wanawaza wakuje na hela kiasi gani. Anaweza akasema "kama ni hela usijali, mi nitajilipia changu," na hilo ni jibu zuri pia, ila usilikubali haraka kama kujilipia tu chako pale bado kunakuzidi. Mwambie unashukuru, ila ungependa muanze na dogo. Kama akinuna, akaanza maneno ya "mwanaume gani huyo", hapo usibishane wala usijitetee, mwambie unaelewa kama haimfai, na umuache aamue.

Haya, saa. Saa mbili usiku ni saa ya kula. Hakuna mtu anakaa mezani saa mbili usiku akaagiza kinywaji kimoja akaridhika, na hata ukijitahidi mhudumu atarudi na menyu kubwa, ataulizia chakula kikuu, ataulizia kama mngependa na kitamu cha mwisho. Chakula kinaagizwa, mnangoja kipikwe, mnakula, mnangoja bili, mnangoja mashine au chenji, masaa mawili yamekwenda bila mtu kuweza kunyanyuka. Kama mmependana ni raha. Kama dakika ya kumi na tano umegundua hamna cha kuongea, umefungwa pale na yeye kafungwa, na mnalipia kufungwa kwenu. Saa tisa au saa kumi mchana watu wameshakula cha mchana na cha usiku bado, kwa hiyo kinywaji na kitu kidogo cha kutafuna kinatosha na hakuna anayejisikia kanyimwa. Bado kuna mwanga, anarudi kwao mapema, nyumbani hawaulizi maswali. Ndo maana nakwambia saa inaamua bili kabla hata ya mgahawa. Mgahawa uleule wa kishua ukienda saa kumi kwa vinywaji unaweza kuangukia ndani ya uwezo wako, kwa hiyo kama jibu lake lilikuwa kwamba anajisikia salama pale na hataki kwingine, usihame, hamisha saa tu.

Ila upige hesabu kabla, usiende kwa imani. Fungua menyu yao, chukua bei ya kinywaji cha katikati, sio cha chini kabisa kwa sababu huwezi kumpangia aagize cha chini kabisa. Zidisha mara nne, yaani kila mtu viwili. Ongeza kitu kimoja cha kutafuna cha kushea. Halafu shuka chini kabisa kwenye menyu usome maandishi madogo, kuna sehemu bei imeshabeba kodi na tozo ya huduma, kuna sehemu wanaongezea juu mwishoni, na hapo ndo watu wanashtukia bili imevimba. Tuseme vinywaji vinne vimekuja 24 na cha kutafuna 10, jumla 34, wakiongeza kodi na huduma asilimia 20 inakuwa 40 na kidogo, na we beba 50 ili ukiongeza bakshishi au akitamani kingine usianze kutoka jasho. Hiyo 50 ilinganishe na kiasi ambacho ukikitoa Jumamosi hutaenda kukopa Jumatatu. Ikipita, sio sehemu yako kwa sasa. Na beba njia mbili za kulipa, simu au kadi pamoja na keshi, maana mtandao unaweza ukagoma dakika ileile mhudumu kasimama.

Kuna kitu kingine kwenye kuchagua sehemu ambacho watu hawakiangalii kabisa, nacho ni sehemu yenyewe inalipisha wapi. Kuna sehemu unaagiza na kulipa kaunta ndo unapewa kinywaji, na kuna sehemu unakaa, unahudumiwa, bili inakuja mwisho kwenye kile kikaratasi katikati ya meza. Kwa siku ya kwanza mimi napenda ya kaunta. Mnafika, mnasimama pamoja, unamwambia "agiza, hii yangu," unalipa, imeisha ndani ya dakika mbili kabla hata hamjakaa, na muda wote mliobaki hakuna kitu kinaning'inia. Akitaka raundi ya pili na akajisikia, ananyanyuka yeye anaenda kaunta, hamjaongea habari ya hela hata mara moja na mmeshachangiana. Ile ya mezani inawaachia bili mwishoni kabisa, wakati ambao mngetakiwa mnaagana vizuri, na kila mtu anaangalia mkono wa mwenzake unaenda wapi.

Halafu sehemu iwe ya kusikilizana. Muziki mkubwa unawafanya mpigiane kelele, sinema mnakaa kimya masaa mawili hamjajuana. Iwe na watu, iwe inafikika kwa usafiri wa kawaida, iwe karibu na yeye au katikati yenu, isiwe kwako wala kwake wala kwa rafiki yako "ambaye hayupo". Kila mtu aje na usafiri wake na aondoke nao. Mwambie kabisa kwamba akitaka amwambie mtu wake yuko wapi na wewe ni nani, ukilisema wewe kwanza linampunguzia kitu kichwani.

Sasa yule mshkaji wako wa nusu kwa nusu. Hapa kuna vitu viwili watu wanavichanganya, kuna kugawana bili sawasawa na kuna kila mtu kulipa alichoagiza. Havifanani. Tuseme yeye kaagiza cha 10 na wewe cha 30, nusu kwa nusu yeye analipa 20, yaani kalipia tumbo lako. Geuza upande wa pili, uchungu ni uleule. Tena kugawana sawa kunabadilisha hata kuagiza kwenyewe. Watafiti watatu, Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe, walichapisha mwaka 2004 jaribio walilofanya mgahawani, waliwakalisha watu wasiojuana mezani, meza nyingine kila mtu anajilipia, nyingine bili inagawanywa sawa, nyingine chakula cha bure. Waliogawana sawa waliagiza vya hela nyingi kuliko waliojilipia, na wa bure wakawapita wote. Na walipoulizwa kabla ya kuagiza wangependa ipi, wengi wakasema bora kila mtu ajilipie. Kwa hiyo kama mtachangia, muwe mmesema kila mtu chake, na muwe mmesema kabla ya kuagiza. Kusema tugawane wakati bili imeshafika, kwa mtu uliyemwalika wewe mwenyewe, huko ni kumshtukiza. Yeye pengine kaja na nauli tu kwa sababu kaelewa kaalikwa. Unamuaibisha mbele ya mhudumu af unasema umemjua. Umemjua nini hapo? Hujamjua chochote, umejua tu kwamba mtu akishtukizwa hela anashtuka.

Na yule mwingine wa "mwanaume ni kulipa, kama huna usitoke", nusu yake naikubali nusu yake siikubali. Ninachokubali ni kwamba aliyealika ndo analipa, awe mwanaume awe mwanamke, kwa sababu aliyealika ndo aliyejua anaalika wapi na kwa shingapi. Wewe ulialika, ya kwanza ni yako. Yeye akikualika wiki mbili baadaye kwenda mahali, hapo ni zamu yake, na usikae pale unapapasa mifuko kwa kuona aibu. Nisichokubali ni hiyo ya usitoke. Kinywaji na saa moja na nusu ya maongezi ya kweli ni kutoka pia.

Tufike kwenye bili yenyewe, tuseme mmeishia sehemu ya kulipa mezani. Ikija, ichukue wewe bila kuchelewa, soma upesi kama vilivyoandikwa ndo mlivyokula, maana makosa yapo na hakuna ubaya kuuliza kwa heshima, weka hela. Usiisome kwa sauti, usimwonyeshe jumla, usigunegune. Sasa yeye anaweza akagusa pochi akasema "nichangie?" Wanaume wengi hapa wanaganda. Anamaanisha? Ananipima? Nikikubali nimefeli?

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015, Janet Lever na wenzake, wa watu zaidi ya 17,000 ambao hawajaoa wala kuolewa, waliuliza habari hizi hizi za nani analipa. Wanawake 57 katika kila 100 walisema huwa wanajitolea kuchangia, lakini 39 katika kila 100 walisema wanatamani mwanaume akatae hiyo hela. Na wanaume 64 katika kila 100 walisema mwanamke naye achangie. Kwa hiyo ukimuona kagusa pochi huwezi kujua kwa kumuangalia tu, anaweza kuwa anataka kweli na anaweza kuwa anaweka adabu. Usikae kubahatisha, tumia njia ambayo inafanya kazi pande zote mbili. Mara ya kwanza mwambie "asante, hii ya leo niachie." Kama alikuwa anaweka adabu atarudisha pochi, mmemaliza. Kama akirudia mara ya pili, "hapana, changu nilipe," basi kubali, tena kubali kwa uso mzuri, "sawa, asante." Usibishane mpaka mhudumu anaona aibu. Kuna wanawake hawataki kabisa kuondoka mahali wakiwa wanadaiwa hata kinywaji, wamekutana na watu waliolipa af baadaye wakadai, na kumkatalia mara mbili ni kumwambia kwamba analosema halihesabiki.

Ile ya "basi ijayo ulipe wewe" watu wanaipenda sana. Itumie kama umeona kabisa kwamba mmependana, kacheka, kauliza maswali, muda umepita bila kuangalia simu. Kama hujui bado, usiiseme, kwa sababu unamfunga kwenye siku ya pili ambayo hajaikubali, na atabaki kutabasamu kwa kukosa la kujibu.

Na ukishalipa, umelipa. Hapa ndo nakuomba sana, kwa sababu naona barua nyingi zinaanzia kwenye hela na zinaishia kwenye mambo mengine kabisa. Kulipa hakukupi kumbatio, hakukupi haki ya kumsindikiza mpaka kwake, hakukupi jibu la meseji. Kama unajijua kwamba ukitoa kiasi fulani moyoni utaanza kuhesabu, toa pungufu ya hicho. Hii kwangu ni sababu kubwa kuliko hata bajeti ya kukwambia uanze na dogo. Mtu aliyelipa hela ya wiki nzima anakaa mezani anaangalia kama inarudi, na yule wa upande wa pili anaona, na anaanza kujisikia kama kakopeshwa.

Kuhusu nauli, hujaniuliza ila najua itakuja. Akisema umtumie nauli kabla hamjaonana, usitume. Sisemi huyu dada wako ni tapeli, sijaona dalili hiyo kwenye barua yako, ila matapeli wanaipenda njia hii kwa sababu ni kiasi kidogo ambacho mtu haoni taabu kukitoa, kinatumwa, gari linaharibika njiani, kinaombwa kingine. Ukiona mtu anakwepa video koli kila siku na wakati huohuo anataka hela haraka haraka, simama. Kama ni umbali kweli unamsumbua, sogea wewe, chagua sehemu ya karibu na kwake. Mkishaonana, ukaona katoka mbali na ukapenda kumsaidia nauli ya kurudi, mpe hapo, bila kumdai chochote kwa ajili yake.

Na hiyo video koli, mpigie kabla hujatuma meseji ya kubadilisha sehemu. Dakika kumi zinatosha. Wiki tatu za maandishi na simu tu ni nyingi, na kadiri mnavyochati bila kuonana ndo kila mmoja anamjenga mwenzake kichwani. Msomi wa mawasiliano anaitwa Joseph Walther aliliandika hili 1996, kwamba kwenye maandishi mtu ana muda wa kuchagua maneno na kuonyesha upande wake mzuri, na anayesoma anajazia mwenyewe pale asipopaona, mwisho mnajikuta mmekaribiana kuliko hata mngekuwa mnaonana. Hiyo sio mbaya, ila ukifika siku yenyewe unakutana na mtu wa kawaida aliyechoka na kazi. Mkishaonana sura kwenye simu kidogo mnashuka chini, unaona anavyocheka, anaona chumba chako kilivyo, na hata meseji ya bajeti haitamshtua sana. Ndo maana pia sikushauri usogeze mbele mpaka ujichange hela ya ule mgahawa, hiyo miezi miwili ya kujichanga itawajengea mtu ambaye hayupo.

Kuna moja la mwisho la maandalizi. Muulize kama anakuja peke yake au na rafiki. Ana haki ya kuja na mtu, wengine hawatoki bila mtu siku ya kwanza. Ila ukijua mapema unapanga, ukikuta watatu mezani bila kujua utachanganyikiwa. Akisema anakuja na mtu, mwambie karibuni, na uwe umeshaamua mwenyewe kama kinywaji cha rafiki kiko ndani ya ile 50 yako. Kama hakimo, hiyo nayo ni sababu ya kwenda sehemu ya kaunta, unalipa vyenu viwili mbele yao, rafiki anaelewa mwenyewe.

Siku yenyewe wahi dakika kumi, tafuta meza inayoonekana, mtumie meseji umekaa upande gani na umevaa rangi gani ili asizungukezunguke. Zile dakika tisini zikiisha, hata kama stori ni tamu, mkumbushe kwamba mlisema mpaka saa kumi na moja na nusu, muulize anataka kuendelea au anaondoka. Akisema tuendelee, hapo unajua kabaki kwa kutaka. Akiondoka, usiku huo mtumie meseji moja, umefurahi, kafika salama? Kama unataka kumuona tena liseme kwenye meseji hiyohiyo, taja siku. Asipojibu mpaka kesho kutwa usimwandikie tena, na habari ya nani alilipa usiitaje, wala kwake wala kwa washkaji.